Hisa Zinapouzwa, Faida Yake Huandikwa Wapi?

Kampuni inayonunua hisa za kampuni nyingine na kuzishika kwa miaka hukabiliwa na swali moja kila inapofunga vitabu vyake: bei ya hisa imepanda au imeshuka, lakini hisa zenyewe bado hazijauzwa. Je, tofauti hiyo ni faida au hasara ya mwaka? Hisa ya Safaricom katika Soko la Hisa la Nairobi ilipita shilingi 40 mwezi Agosti 2021, na kabla mwaka 2023 haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 15. Mwekezaji aliyezinunua wakati wa toleo la kwanza mwaka 2008 kwa shilingi 5, akazishika muda wote huo bila kuuza hata moja, aliona utajiri wake kwenye karatasi ukijaa na kupwa, ilhali hakupokea wala kupoteza chochote isipokuwa gawio alilolipwa. Ikiwa mwekezaji huyo ni kampuni, kuandika mabadiliko hayo yote kwenye faida na hasara kungefanya matokeo yake ya biashara yafuate bei ya soko badala ya kazi iliyofanyika.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali na madeni ya kifedha, IFRS 9, kilichoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2018, kinatoa njia mbili kwa hisa za namna hii. Njia ya kawaida ni kuzipima kwa thamani ya haki na kupeleka kila mabadiliko kwenye faida na hasara. Njia ya pili ni ya kuchaguliwa: hisa hupimwa kwa thamani ya haki vilevile, lakini mabadiliko yake huandikwa kwenye mapato mengine jumuishi, yaani sehemu ya taarifa ya mapato inayokuja chini ya mstari wa faida ya mwaka. Njia hiyo ya pili ndiyo inayowachanganya watu wengi, hasa siku hisa zinapouzwa, kwa sababu faida inayopatikana kwenye mauzo haipiti kwenye faida na hasara hata siku hiyo.

Thamani ya haki ni bei ambayo mali ingeuzwa katika muamala wa kawaida kati ya washiriki wa soko siku ya upimaji. Kwa hisa zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam au la Nairobi, bei hiyo huchukuliwa sokoni moja kwa moja. Gharama ambazo mwenye hisa angemlipa dalali kama angeziuza hazitolewi katika thamani hiyo. Kwa hisa ambazo haziuzwi sokoni, kampuni hulazimika kukadiria thamani kwa kutumia taarifa za fedha za kampuni husika na bei za kampuni zinazofanana nayo.

Nani anaweza kuchagua njia hii

Chaguo hili halihusu kila hisa. Hisa zinazompa mwenye nazo udhibiti wa kampuni nyingine hufuata kanuni za kampuni tanzu. Zinazompa ushawishi mkubwa, ambao kwa kawaida hudhaniwa kuwepo kuanzia asilimia 20 ya kura, hufuata kanuni za kampuni mshirika. Kinachobaki kwa IFRS 9 ni umiliki mdogo: kampuni ya bima yenye hisa chache za benki, au kiwanda chenye hisa kidogo katika kampuni inayokiuzia malighafi.

Hata hapo, hisa zilizonunuliwa kwa lengo la kuuzwa karibuni ili kuvuna tofauti ya bei haziruhusiwi. Kampuni yenye mkoba wa hisa unaonunuliwa na kuuzwa kila wiki lazima ipeleke mabadiliko yote kwenye faida na hasara. Zaidi ya hayo, kitu chenyewe lazima kiwe hisa ya kweli, yaani haki ya mabaki ya mali ya kampuni baada ya madeni kutolewa, bila kampuni hiyo kulazimika kukirudisha kwa fedha mwenye nacho atakapotaka. Ndiyo maana vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama vile vinavyosimamiwa na UTT AMIS nchini Tanzania, havistahili. Mwenye kipande anaweza kukirudisha kwa mfuko na kudai fedha zake, hivyo kwa aliyekishika kipande hakihesabiwi kuwa hisa kwa madhumuni ya chaguo hili. Kosa la kuviweka vipande pamoja na hisa ni rahisi kutokea, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku vyote viwili huitwa uwekezaji wa sokoni.

Uamuzi hufanywa siku hisa zinapoingizwa vitabuni kwa mara ya kwanza, na haubatilishwi. Kampuni haiwezi kusubiri bei ishuke ndipo ichague kuificha hasara chini ya mstari wa faida, wala haiwezi kurudi nyuma bei ikipanda ili faida ionekane juu. Kwa upande mwingine, uamuzi hufanywa hisa kwa hisa. Kampuni moja inaweza kuchagua njia hii kwa hisa zake za benki na kuiacha kwa hisa zake za kampuni ya saruji. Jambo la msingi ni kwamba uamuzi uandikwe siku ile ile ya ununuzi, kwa mfano katika kumbukumbu za kikao cha kamati ya uwekezaji. Mkaguzi anapokuta hakuna maandishi ya siku hiyo, hana namna ya kujua kama chaguo lilifanywa kabla au baada ya bei kubadilika.

Kampuni ndogo zinapaswa kuangalia kwanza ziko chini ya kiwango kipi. Zile zinazotumia kiwango maalumu cha kampuni ndogo na za kati, IFRS for SMEs, hazina chaguo hili ndani ya kiwango hicho: hisa zinazouzwa sokoni hupimwa kwa thamani ya haki, na mabadiliko huingia kwenye faida na hasara. Maelezo yanayofuata yanazihusu kampuni zinazotumia viwango kamili.

Siku ya kununua

Tuseme kampuni ya bima ya jijini Dar es Salaam, ambayo hufunga mwaka wake tarehe 31 Disemba, imenunua hisa 200,000 za benki iliyoorodheshwa sokoni kwa Sh 400 kila moja. Bei ya hisa zote ni Sh 80,000,000. Dalali na ada za soko zimegharimu Sh 1,600,000. Kampuni imeamua, na kuandika, kwamba hisa hizi zitapimwa kwa thamani ya haki kupitia mapato mengine jumuishi. Kodi inawekwa kando katika mfano huu ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Kwa njia hii gharama za ununuzi huongezwa kwenye gharama ya hisa. Hisa zingekuwa za kupitia faida na hasara, Sh 1,600,000 ingekuwa matumizi ya siku hiyo hiyo. Ingizo la kwanza ni hili:

Debiti: Uwekezaji katika hisa, Sh 81,600,000
Krediti: Benki, Sh 81,600,000

Kila hisa imeigharimu kampuni Sh 408. Namba hiyo inafaa kuhifadhiwa katika rejista ya uwekezaji, kwa sababu itahitajika tena siku ya kuuza, huku vitabu vyenyewe vikiwa vimekwisha kuisahau. Baada ya mwisho wa mwaka wa kwanza, akaunti ya uwekezaji huonyesha thamani ya haki na wala si gharama.

Bei inapopanda na inaposhuka

Tarehe 31 Disemba ya mwaka wa kwanza bei sokoni ni Sh 460. Hisa zote zina thamani ya Sh 92,000,000. Tofauti na kiasi kilichomo vitabuni ni Sh 10,400,000:

Debiti: Uwekezaji katika hisa, Sh 10,400,000
Krediti: Mapato mengine jumuishi, Sh 10,400,000

Kiasi hicho huonekana chini ya faida ya mwaka katika taarifa ya mapato, kisha hukusanywa katika fungu maalumu ndani ya mtaji wa wanahisa, linaloweza kuitwa akiba ya thamani ya haki. Faida ya mwaka haiguswi, wala pato kwa kila hisa ya kampuni ya bima, kwa sababu hesabu ya pato kwa kila hisa huanzia kwenye faida ya mwaka na si kwenye mapato jumuishi.

Katika mwaka wa pili benki inatangaza gawio la Sh 30 kwa kila hisa. Kampuni ya bima ina haki ya kupata Sh 6,000,000. Hapa wahasibu wengine hujikwaa kwa kudhani kwamba, kwa vile hisa ziko chini ya mapato mengine jumuishi, gawio nalo liende huko. Sivyo. Gawio ni pato la kushika hisa, na huingia kwenye faida na hasara mara tu haki ya kulipwa inapothibitika:

Debiti: Gawio linalodaiwa, Sh 6,000,000
Krediti: Mapato ya gawio katika faida na hasara, Sh 6,000,000

Isipokuwa moja tu imewekwa. Gawio likiwa kwa dhahiri ni kurudishiwa sehemu ya fedha zilizowekezwa, halihesabiwi kuwa pato. Mfano ni kampuni inayouza mali zake na kuwagawia wanahisa fedha zote muda mfupi baada ya mwekezaji kununua hisa. Mwekezaji huyo hajapata pato. Amerudishiwa mtaji wake kwa njia nyingine.

Mwisho wa mwaka wa pili bei imeshuka hadi Sh 390. Thamani ya hisa zote sasa ni Sh 78,000,000, ikiwa pungufu kwa Sh 14,000,000 ikilinganishwa na mwaka uliopita:

Debiti: Mapato mengine jumuishi, Sh 14,000,000
Krediti: Uwekezaji katika hisa, Sh 14,000,000

Akiba ya thamani ya haki iliyokuwa na Sh 10,400,000 upande wa krediti sasa ina Sh 3,600,000 upande wa debiti. Akiba hii inaweza kuwa hasi, na kuwa hasi si kosa. Maana yake ni kwamba hisa zilizopo zina thamani ndogo kuliko zilivyogharimu. Hesabu inajithibitisha yenyewe: gharama ya Sh 81,600,000 kutoa thamani ya Sh 78,000,000 ni Sh 3,600,000 kamili.

Kwa hisa za aina hii hakuna kipimo cha upungufu wa thamani kinachopeleka hasara kwenye faida na hasara, hata hali ikiwa mbaya kiasi gani. Chini ya kiwango cha zamani, IAS 39, anguko kubwa au la muda mrefu lililazimisha hasara ihamishwe kwenye faida na hasara, na mabishano kati ya wahasibu na wakaguzi juu ya maana ya kubwa na ya muda mrefu hayakuisha. IFRS 9 imeyafuta mabishano hayo, lakini kwa gharama yake. Kampuni ya sukari ya Mumias, iliyokuwa imeorodheshwa Nairobi, iliwekwa chini ya mrasimu mwezi Septemba 2019. Kampuni yoyote iliyokuwa imezichagulia njia hii hisa za namna hiyo ingeandika hasara yake nzima chini ya mstari, na msomaji anayeangalia faida ya mwaka peke yake asingeiona kamwe.

Siku ya kuuza

Mwezi Mei wa mwaka wa tatu kampuni ya bima inauza hisa 120,000 kwa Sh 500 kila moja. Inapokea Sh 60,000,000, na dalali anachukua Sh 1,200,000. Swali la kwanza ni kama kampuni iliruhusiwa kuuza, maadamu ilisema hisa hizi si za kufanyia biashara. Iliruhusiwa. Kiwango hakiweki muda wa chini wa kushika hisa wala adhabu kwa anayeuza. Kinachotakiwa ni kueleza katika maelezo ya taarifa za fedha kwa nini hisa ziliuzwa, thamani yake siku ya kuuzwa, na faida au hasara iliyolimbikizwa.

Maingizo ya mauzo yana hatua tatu, na yanaeleweka vizuri yakifuatwa kwa utaratibu. Hatua ya kwanza ni kuzipima upya hisa zinazouzwa kwa thamani yake ya siku ya mauzo. Vitabuni zilikuwa kwa Sh 390 kila moja, yaani Sh 46,800,000. Sasa zina thamani ya Sh 60,000,000. Tofauti ya Sh 13,200,000 imetokea kati ya Januari na Mei wakati hisa bado ni mali ya kampuni, kwa hiyo inafuata njia ile ile ya miaka iliyotangulia:

Debiti: Uwekezaji katika hisa, Sh 13,200,000
Krediti: Mapato mengine jumuishi, Sh 13,200,000

Hatua ya pili ni kuziondoa hisa vitabuni na kupokea fedha. Kwa kuwa hisa sasa zimeandikwa kwa bei ile ile zilizouziwa, hakuna faida wala hasara inayobaki katika ingizo hili:

Debiti: Benki, Sh 58,800,000
Debiti: Gharama za mauzo, Sh 1,200,000
Krediti: Uwekezaji katika hisa, Sh 60,000,000

Gharama za dalali wakati wa kuuza ni mahali ambapo wahasibu hutofautiana. Zile za kununua ziliongezwa kwenye gharama ya hisa, lakini za kuuza kiwango hakikuzitaja waziwazi kwa hisa za aina hii. Mfano huu unazipeleka kwenye faida na hasara kama matumizi. Wapo wanaozipeleka kwenye mapato mengine jumuishi ili zikae pamoja na faida ya hisa zenyewe. Lililo la lazima ni kwamba kampuni ichague utaratibu mmoja, iutangaze endapo kiasi ni kikubwa, na iufuate miaka yote.

Hatua ya tatu inahusu akiba. Hisa 120,000 ziligharimu Sh 408 kila moja, jumla Sh 48,960,000, nazo zimeuzwa kwa Sh 60,000,000. Faida iliyolimbikizwa tangu siku ya kununua hadi ya kuuza ni Sh 11,040,000. Kiasi hicho kinaweza kufikiwa kwa njia nyingine pia: sehemu ya hisa hizi katika akiba hasi ya mwaka uliopita ni asilimia 60 ya Sh 3,600,000, yaani Sh 2,160,000, na ikitolewa katika Sh 13,200,000 za mwaka huu hubaki Sh 11,040,000. Njia mbili zikikutana kwenye namba moja, mhasibu anajua kazi yake imekaa sawa.

Faida hiyo sasa si ya karatasi tena. Fedha ziko benki. Hata hivyo kiwango kinakataza kuihamishia kwenye faida na hasara. Kinachoruhusiwa ni kuihamisha ndani ya mtaji wenyewe, kutoka akiba ya thamani ya haki kwenda malimbikizo ya faida:

Debiti: Akiba ya thamani ya haki, Sh 11,040,000
Krediti: Malimbikizo ya faida, Sh 11,040,000

Uhamisho huu ni wa hiari. Kampuni inaweza kuiacha faida ya hisa zilizouzwa ndani ya akiba milele. Nyingi huihamisha, kwa sababu ikiachwa akiba huchanganya faida ya hisa zilizopo na ya hisa zilizokwisha kwenda, na baada ya miaka michache hakuna anayeweza kuisoma. Ikihamishwa, akiba husema jambo moja tu: hisa zilizobaki zimepanda au kushuka kiasi gani tangu ziliponunuliwa.

Ingizo la uhamisho halionekani popote katika taarifa ya mapato, si juu ya mstari wa faida wala chini yake. Mahali pake ni taarifa ya mabadiliko ya mtaji, ambako safu moja hupungua na nyingine huongezeka kwa kiasi kile kile, na jumla ya mtaji hubaki ilivyokuwa. Shilingi hizi zilikwisha kuhesabiwa mara moja katika mapato mengine jumuishi, na kuzihesabu tena siku ya mauzo kungezifanya zionekane zimepatikana mara mbili.

Kwa nini faida isirudishwe kwenye faida na hasara

Wasomaji waliofundishwa uhasibu kabla ya mwaka 2018 huliona katazo hili kuwa geni. Chini ya IAS 39, hisa zilizoitwa zinazopatikana kwa mauzo zilifuata nusu ya njia hii: mabadiliko ya bei yalikaa kwenye akiba, kisha siku ya kuuza faida yote iliyolimbikizwa ilirudishwa kwenye faida na hasara. Katika mfano wa kampuni ya bima, Sh 11,040,000 zingejitokeza kama faida ya mwaka wa tatu.

Tatizo la njia ile lilikuwa kwamba lilimpa meneja uwezo wa kuchagua mwaka wa faida. Kampuni yenye hisa zilizopanda tangu zamani ingeweza kuziuza chache katika mwaka mbaya wa biashara, na faida iliyotokea miaka kumi iliyopita ingeokoa matokeo ya mwaka huo. Uwezo huo ndio uliolazimisha pia kuwepo kwa kipimo cha upungufu wa thamani, kwani bila hicho meneja angeuza zilizopanda na kuzishika zilizoshuka, na hasara isingeandikwa kamwe. Watunga kanuni wa IFRS 9 walikata mzizi: kama faida haiwezi kurudi juu, hakuna haja ya kuilazimisha hasara ipande.

Anayechagua njia hii ananunua utulivu wa faida ya kila mwaka kwa bei ya kutoiona faida ya mauzo katika matokeo yake hata mara moja. Ndiyo maana inafaa zaidi kwa hisa zinazoshikwa kwa sababu nyingine zaidi ya bei, kama vile ushirika wa kibiashara au gawio la kila mwaka, na haifai kwa kampuni ambayo kuvuna ongezeko la bei ndiyo kazi yake.

Kufunga mwaka na kugundua makosa

Baada ya mauzo ya Mei kampuni ya bima ina hisa 80,000, zilizoko vitabuni kwa Sh 31,200,000. Tarehe 31 Disemba ya mwaka wa tatu bei ni Sh 510, na thamani yake ni Sh 40,800,000. Ongezeko la Sh 9,600,000 linaingia kwenye mapato mengine jumuishi kama kawaida. Mapato mengine jumuishi ya mwaka yanakuwa Sh 22,800,000, yaani Sh 13,200,000 za hisa zilizouzwa na Sh 9,600,000 za zilizobaki.

Akiba ya thamani ya haki ilianza mwaka ikiwa hasi kwa Sh 3,600,000. Ikiongezwa Sh 22,800,000 na kutolewa Sh 11,040,000 zilizohamishwa, inaishia Sh 8,160,000. Hisa 80,000 zilizobaki ziligharimu Sh 32,640,000, na thamani yake ni Sh 40,800,000. Tofauti ni Sh 8,160,000. Kwa kampuni inayohamisha faida kila inapouza, akiba lazima ilingane kila mwisho wa mwaka na thamani ya haki ya hisa zilizopo kutoa gharama yake, endapo kodi imewekwa kando. Isipolingana, kuna ingizo lililokosewa, na mara nyingi ni la mauzo.

Makosa yenyewe hujirudia kwa sura chache. La kwanza ni mstari wa faida ya kuuza hisa kujitokeza katika faida na hasara, ambao ni mabaki ya mazoea ya IAS 39. Ukikutwa katika kampuni iliyochagua njia hii, karibu kila mara unaonyesha kwamba akiba ilirudishwa juu kinyume cha kanuni, au kwamba hatua ya kupima upya siku ya mauzo ilirukwa na tofauti ya Sh 13,200,000 ikaingia mahali pasipo pake. La pili ni kuonyesha uhamisho wa akiba kama upungufu ndani ya mapato mengine jumuishi. Katika mfano huu mapato hayo yangesomeka Sh 11,760,000 badala ya Sh 22,800,000, na msomaji angeamini kwamba hisa zilipanda kwa nusu tu ya zilivyopanda. La tatu ni kutumia gharama ya hisa zote wakati wa kuuza sehemu, hivyo kuhamisha akiba nzima ilhali hisa nyingine bado zipo. Kampuni iliyonunua hisa zile zile kwa nyakati na bei tofauti inahitaji zaidi utaratibu ulioandikwa wa kujua ni gharama ipi inaondoka na hisa ipi.

Kodi ikirudishwa katika hesabu, nayo hufuata mkondo wa faida iliyoizaa. Kodi iliyoahirishwa inayotokana na ongezeko la thamani huandikwa katika mapato mengine jumuishi na kuipunguza akiba, na haiingii katika kodi inayoonekana kwenye faida na hasara.

Kwa vipindi vya mwaka vinavyoanza tarehe 1 Januari 2026 au baada yake, maelezo ya taarifa za fedha yanatakiwa kutenganisha mabadiliko ya thamani ya hisa zilizoondolewa vitabuni katika mwaka na ya zile zilizobaki, na kutaja kiasi kilichohamishwa ndani ya mtaji kwa ajili ya hisa zilizouzwa. Kampuni ya bima ya mfano huu ingeandika Sh 13,200,000, Sh 9,600,000 na Sh 11,040,000. Mwanahisa anayetaka kujua kampuni yake ilipata nini kwa kuuza hisa asitafute jibu kwenye faida ya mwaka, kwa sababu halimo. Liko katika namba hizo tatu.